Kadi ya miguu kwa muuzaji anayesimama kutwa: kuiandika, kuifanya na kuisoma

Muuzaji wa duka hapa Lubumbashi akirudi nyumbani na miguu mizito, aghalabu hulaumu wateja: leo walikuwa wengi, sikupata hata nafasi ya kuketi. Lakini wateja wakiwa wengi unatembea. Unakwenda rafuni, unainama, unapanda kigoda, unarudi kontwari. Kinachoujaza mguu zaidi ni zile saa za ukimya, saa saba hadi saa tisa mchana, jua kali na watu wamepungua barabarani, wewe umeegemea kontwari bila kusogea, macho mlangoni. Kadi ninayoieleza hapa, ya kukukumbusha kuisogeza miguu na kuweka alama kila ukifanya hivyo, imetengenezwa kwa ajili ya saa hizo.

Damu inashuka miguuni bila shida. Kazi ni kuirudisha. Moyo uko zaidi ya mita moja juu ya kifundo cha mguu, na vena, yaani mishipa inayorudisha damu, haina nguvu zake yenyewe za kusukuma. Ina vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu, na zile kubwa zinapita katikati ya nyama ya shavu la mguu. Nyama hiyo ikikaza, inazikamua na damu inapanda kupita kilango. Ikilegea, kilango kinajifunga nyuma yake na vena inajaa tena kutoka chini. Kwa hiyo shavu la mguu ni pampu, lakini ni pampu isiyofanya kazi mpaka wewe mwenyewe usogee.

Mtu akisimama tuli, presha ndani ya vena za kifundo hufika karibu milimita 90 za zebaki, kwa kipimo kilekile cha mashine ya presha ya mkononi. Akipiga hatua kadhaa inashuka hadi chini ya 30. Akisimama tuli tena inapanda upya, na haichukui hata dakika moja au mbili. Presha hiyo ikikaa juu kwa saa nyingi inasukuma maji ya damu yapenye kuta za mishipa midogo na kubaki nyamani. Hayo ndiyo yanayofanya kiatu kikubane jioni na soksi ikuachie alama ya duara. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua haijaanza, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu joto linapanua mishipa na damu nyingi zaidi inakaa chini.

Ndiyo maana mazoezi ya asubuhi peke yake hayamfai sana anayesimama kutwa. Nusu saa ya saa kumi na mbili asubuhi haiwezi kukulinda na saa nane mchana. Kinachofaa ni kidogo na mara kwa mara, na kidogo cha mara kwa mara ndicho kinachosahaulika kwa urahisi. Hapo kadi inaingia.

Kuiandika kadi

Chukua katoni ngumu, ubavu wa katoni ya biskuti unatosha, uikate ukubwa wa ukurasa wa daftari la shule. Upande mmoja andika maelekezo kwa herufi kubwa za biki:

KILA NUSU SAA: visigino juu mara 15, polepole.
SAA IKIGONGA: visigino juu mara 15, kisha zungusha kifundo mara 10 upande huu na mara 10 upande ule, kila mguu.
KATIKATI: usisimame tuli. Hamisha uzito, piga hatua.
SIMAMISHA, NENDA HOSPITALI: mguu mmoja tu umevimba na unauma, pumzi inakata, kifua kinauma.

Upande wa pili chora safu sita, Jumatatu hadi Jumamosi. Kila safu ianze na nafasi ya kipimo cha asubuhi, ifuate vijumba vinane vya saa tatu hadi saa kumi, imalizike na nafasi ya kipimo cha jioni. Ukifanya zamu ya nusu saa, piga mstari mmoja wa mshazari ndani ya kijumba. Ukifanya ya saa kamili, piga wa pili uukate wa kwanza. Kijumba chenye alama ya msalaba kimekamilika, chenye mstari mmoja ni nusu kazi, na kitupu kinajieleza. Ukitazama safu ya wiki nzima unaona mara moja ni saa zipi zinakuponyoka.

Ibandike kwa skochi upande wa ndani wa kontwari, usawa wa kiuno, mahali mkono wako unapokwenda kila wakati: karibu na droo ya pesa au daftari la mauzo. Ukiibandika ukutani nyuma yako hutaiona.

Saa ya simu inasaidia siku za mwanzo, halafu watu huizoea na kuizima bila kufikiri. Mimi naona ni bora kuifunga kadi na jambo ambalo kazi yenyewe inalirudia. Muuzaji wa vitenge anaweza kuinua visigino kila anapomaliza kukunja mzigo uliofunguliwa, wa famasi kila anapofunga daftari, wa duka la chakula kila anapobadilisha pesa ya simu. Saa ya simu ibaki kwa zile saa za ukimya tu, maana hapo hakuna jambo la kukukumbusha.

Visigino juu

Simama nyayo zote chini, upana wa nyonga, vidole vikitazama mbele. Weka ncha za vidole vya mkono juu ya kontwari, kwa ajili ya kushika mizani tu. Ukiweka kiganja kizima na kukiegemea, mikono ndiyo itakayofanya kazi ya mashavu ya miguu. Magoti yawe yamenyooka bila kukazwa kwa nyuma.

Panda kwa kuhesabu mbili mpaka usiweze kupanda zaidi. Kaa juu hesabu moja. Shuka kwa kuhesabu tatu mpaka kisigino kiguse sakafu kabisa, na hapo ulegeze shavu kabla ya kupanda tena. Mara 15 kwa mwendo huo ni kama dakika moja na nusu.

Kule kulegeza chini ndiko kunakorukwa na karibu kila mtu. Wengi wanadundadunda juu ya vidole haraka haraka, kisigino hakigusi chini. Shavu linachoka, lakini vena haikupata nafasi ya kujaa upya, na pampu isiyojaa haina cha kusukuma. Dalili yake ni rahisi kuijua: ukisikia moto kwenye shavu ndani ya zamu ya kwanza, na umemaliza mara 15 kwa sekunde 20, unadunda. Kosa lingine ni kuangusha uzito upande wa kidole kidogo, kifundo kikapinda nje. Elekeza uzito kwenye kidole gumba na cha pili chake.

Viatu vina neno lao hapa. Ukivaa kiatu chenye kisigino kirefu, tayari uko nusu ya njia juu, kwa hiyo safari ya shavu inakuwa fupi. Fanya zoezi ukiwa umekivua, au vaa kiatu cha kisigino cha sentimita mbili hadi tatu. Kinunue jioni, mguu ukiwa mkubwa, kisikubane baadaye.

Mwenye maumivu ya kano nyuma ya kisigino, au aliyeteguka kifundo hivi karibuni, asipande kwa uzito wake wote. Aketi, nyayo chini, ainue visigino akiwa amekaa, kisha avishushe na kuinua vidole. Nguvu ni ndogo, lakini damu inasogea.

Kuzungusha vifundo

Zoezi hili linaonekana jepesi, na kwa sababu hiyo linafanywa vibaya. Simama kwa mguu mmoja umeshika kontwari, au keti, inua mguu wa pili kama sentimita kumi kutoka chini. Jifanye una biki kati ya vidole vya mguu na unachora duara kubwa hewani: vidole juu kuelekea kwako, nje, chini kabisa, ndani, juu tena. Duara moja lichukue sekunde tatu hadi nne.

Kinachoharibu ni goti. Watu wanazungusha mguu mzima kutoka nyongani, kifundo chenyewe kimekaa kama ubao. Weka mkono juu ya goti. Likicheza chini ya kiganja, duara si la kifundo. Punguza ukubwa mpaka goti litulie, halafu upanue kidogo kidogo. Sehemu muhimu zaidi ya duara ni mbili: pale vidole vinapovutwa juu, ambapo shavu linanyooka, na pale vinapoelekezwa chini, ambapo linakaza. Usizikatize.

Niseme wazi kwamba kuzungusha vifundo hakuchukui nafasi ya kuinua visigino. Mguu ulio hewani haukamui kwa nguvu kama ule uliobeba mwili mzima. Kazi yake ni kulegeza kiungo kilichokaa katika pembe moja tangu asubuhi, na kumfaa aliyeketi kwenye kaunta ya pesa asiyeweza kusimama hovyo.

Kupima

Bila kipimo, kadi ni imani tu. Chukua futi ya fundi cherehani. Keti, nyayo zote chini, tafuta ule mfupa uliotokeza upande wa ndani wa kifundo, pima upana wa vidole vitatu juu yake, uweke alama ndogo ya biki. Zungusha futi hapo iguse ngozi bila kubonyea. Andika namba ya kila mguu kabla ya kufungua duka na baada ya kufunga, daima mahali palepale, daima umeketi.

Kuongezeka kidogo jioni, hadi kama sentimita moja, miguu yote miwili kwa karibu sawa, ni jambo la kawaida kwa anayesimama kutwa. Ongeza na jaribio la kidole: bonyeza kwa kidole gumba kwenye mfupa wa mbele ya mguu, juu kidogo ya kifundo, uhesabu hadi kumi, uachie. Kikibaki kishimo, maji yapo. Cha muhimu ni asubuhi: namba iwe imerudi chini na kishimo kisiwepo. Uvimbe unaolala na wewe na kuamka na wewe hautokani na kusimama peke yake.

Dada mmoja anauza vitenge karibu na soko la Kenya, hapa hapa mjini. Mwezi wa kumi, namba zake za asubuhi zilikuwa 22 kila mguu, za jioni 24 kulia na 23.5 kushoto. Wiki ya kwanza ya kadi vijumba vyake vilijaa misalaba, na jioni bado ni 24. Alikuwa tayari kuitupa.

Nikamwomba anionyeshe. Kisigino kilikuwa kinapanda upana wa vidole viwili na kurudi mbio, bila kugusa sakafu. Tena alikuwa amevaa soksi fupi zenye mpira mkali juu ya kifundo. Mpira wa namna hiyo unafunga kama kamba: chini yake mguu unajaa. Na nilipotazama kadi yake vizuri, misalaba ya saa nane na saa tisa ilikuwa imeandikwa kwa mkupuo mmoja, kwa wino uleule na mkono uleule. Alipoulizwa alisema, "Yaya, saa hizo nasinzia nimesimama. Naijaza nikiamka." Basi hizo ndizo zilikuwa saa zake mbaya.

Tulibadilisha mambo matatu. Alihesabu kwa sauti ndogo, mbili, moja, tatu. Soksi zilivuliwa. Na kwa saa hizo mbili za ukimya aliomba kigoda cha kukalia, na simu ikamwamsha kila nusu saa asimame, afanye zamu yake na kuketi tena. Mwisho wa wiki ya pili, jioni alikuwa na 23 kulia na 22.8 kushoto, na kishimo cha kidole hakikuonekana tena. Mambo matatu yalibadilika pamoja, kwa hiyo siwezi kumpa visigino sifa zote. Kigoda kilifanya kazi kubwa.

Kigoda, sakafu na mwenye duka

Mama mwenye duka aliposikia habari ya kigoda aliuliza, "Mteja akiingia akamkuta amekaa, si atasema tumelala?" Wenye maduka wengi wana wasiwasi huo, na unastahili jibu. Muuzaji apewe kigoda kirefu, cha urefu ambao macho ya aliyeketi yanakuwa karibu usawa wa aliyesimama, na mteja hataona tofauti. Nawe muuzaji, mwonyeshe mwenye duka kadi yenye namba. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 120 wa mwaka 1964, unaohusu afya ya wafanyakazi wa maduka na ofisi, unasema katika kifungu cha 14 kwamba viti vya kutosha na vinavyofaa vitolewe, na wafanyakazi wapewe nafasi ya kuvitumia. Ukilieleza hivyo kwa heshima, si ugomvi.

Kama kigoda hakipatikani, weka tofali mbili ubavu kwa ubavu nyuma ya kontwari, zifunike kwa katoni, uweke mguu mmoja juu kwa dakika chache, kisha mwingine. Chini ya miguu, juu ya vigae au saruji, tandika katoni iliyokunjwa mara kadhaa au kipande cha zulia la mpira. Hakikisha hakitelezi.

Jioni nyumbani

Lala chali, miguu juu ya mto au ukutani, visigino vikiwa juu kuliko moyo, magoti yamekunjwa kidogo, dakika 15 hadi 20. Kuweka miguu juu ya stuli ukiwa umeketi kunasaidia kidogo tu, maana bado iko chini ya moyo. Usipunguze maji ya kunywa ukidhani utapunguza uvimbe. Kinachoshika maji mwilini ni chumvi, na bukari kwa makayabu yasiyolowekwa vya kutosha ni chumvi nyingi. Loweka, mwaga maji, rudia.

Hapa kuna jambo linalonisumbua kila wiki. Miguu ikiwaka moto, watu wanakwenda famasi kununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo zenyewe zinafanya mwili ushike chumvi na maji, na anayezimeza siku baada ya siku anaweza kuongeza uvimbe anaoukimbia, huku akiumiza tumbo na figo. Wengine wananunua dawa za kukojoza bila kupimwa. Zinatoa maji na madini ambayo moyo unayahitaji, na haziwezi kurekebisha pampu iliyosimama. Na kama unatumia dawa ya presha inayoitwa amlodipini au nifedipini, jua kwamba kuvimba vifundo ni athari yake inayojulikana. Usiiache mwenyewe. Rudi kwa aliyekuandikia, umwambie.

Soksi ndefu za kubana za famasi, zile zinazobana zaidi kifundoni na kulegea kuelekea goti, ni nzuri kwa wengi. Zivaliwe asubuhi kabla mguu haujajaa. Lakini mwenye kisukari, mwenye nyayo zilizokufa ganzi, au anayesikia mashavu yakiuma akitembea na kupoa akisimama, asizivae kabla ya kupimwa. Huenda mishipa inayoleta damu ndiyo yenye shida, na kubana kutamzidishia.

Wakati wa kuiweka kadi chini

Mguu mmoja ukivimba peke yake, shavu likauma, likawa moto au likabadilika rangi, usiinue visigino, usikande, usipake mafuta ya moto. Inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya vena. Futi yako inasaidia hapa pia: tafuta lile donge la mfupa chini ya goti, shuka sentimita kumi, pima mashavu yote mawili. Tofauti ya zaidi ya sentimita tatu ni moja ya alama ambazo madaktari wenyewe hutumia. Hata ikiwa ndogo kuliko hiyo, maumivu na joto la upande mmoja vinatosha kukupeleka hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma au ukikohoa damu, usingoje hata kufunga duka.

Mama mjamzito akivimba miguu jioni si ajabu. Akivimba uso na mikono, kichwa kikimuuma kwa nguvu au akiona vimulimuli, hasa baada ya nusu ya mimba, aende hospitali siku hiyo kupimwa presha na mkojo.

Wasiosubiri ni hao. Wengine wana muda wa siku chache, lakini waende pia: anayeamka macho yamevimba, anayekosa pumzi akilala chali, mwenye kidonda karibu na kifundo kisichopona, na yule ambaye namba zake za asubuhi zinapanda wiki hadi wiki ingawa vijumba vimejaa. Huyo wa mwisho aende na kadi zake zote. Muuguzi au daktari akiona namba za asubuhi na jioni za wiki tatu, miguu yote miwili, anajua aanze kutafuta wapi: moyo, figo, ini au vilango vya vena.